Nafuta namba yake kila mara. Ni aibu ao ni hofu ya Bukavu tu?

#1 Kivuli cha Kadutu
Jambo wakubwa. Naandika kwa akaunti mpya, mwenye kuelewa ataelewa. Niko Bukavu, miaka 28, nauza vipuri vya pikipiki. Kuna mwanaume tunapendana tangu mwaka jana. Kila tukiachana, kabla sijafika kwetu, nafuta namba yake. Nafuta meseji, nafuta hata picha ya viatu vyake ambavyo hakuna mtu angejua ni vya nani. Kisha naapa kwamba ile ilikuwa mara ya mwisho. Zikipita siku tano ao sita, namutafuta tena. Namba naijua kwa kichwa, kwa hiyo hata huko kufuta ni mchezo.

Wiki iliyopita aliniambia: "Wewe unajichukia, na hiyo chuki unanipakaza na mimi." Nilikasirika sana. Mimi nasema ni akili tu, maana kwetu mtu akishika telefone yangu nimekwisha. Yeye anasema hata tungehamia mwezini ningeifuta. Nani ana haki hapo? Mtu anajua vipi kama anachosikia ni hofu ao ni aibu?

#2 Sambaza Kavu
Usisumbuke kaka. Kama namba zako zinahifadhiwa kwenye Google, fungua Contacts, ingia pale pameandikwa Corbeille. Zinakaa humo siku 30 kabla ya kupotea kabisa. Mimi nilirudisha namba za wateja wote wa samaki.

#3 Binti Birere
Sambaza, soma tena polepole 😂 Hajapoteza namba.

#4 Sambaza Kavu
Aaa. Pole. Nilisoma kichwa cha habari peke yake.

#5 Mukristo wa Bagira
Ndugu, nakuambia kwa upendo. Hiyo unayoita aibu ni dhamiri, Mungu anakugonga mlangoni. Usitafute mtu wa kukuzimia hiyo sauti. Hata sheria ya nchi inakataza hayo mambo, watu wanafungwa.

#6 Sheria Mukononi
@Mukristo, dhamiri nakuachia, lakini sheria usiipindishe. Niko Goma, namaliza masomo ya sheria. Kodi penali, yaani kitabu cha sheria ya makosa ya Kongo, haina kifungu kinachosema mapenzi ya watu wazima wa jinsia moja ni kosa. Kuna kifungu cha 176 juu ya kuvunja adabu hadharani, na ndicho polisi wanatumia kuwatisha watu na kuwakamua pesa. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inatoa haki ya kuoa mtu wa jinsia tofauti, maana yake ndoa ya jinsia moja haipo. Miswada ya kufanya iwe kosa ililetwa bungeni zaidi ya mara moja, tangu 2010. Burundi ndiyo iliyoweka kosa hilo, 2009. Watu wetu wanachanganya Uvira na Bujumbura.

Kwa hiyo Kivuli, hofu yako ni ya kweli, lakini inatoka kwa jirani, kwa familia na kwa polisi mwenye njaa. Haitoki kwenye kitabu cha sheria.

#7 Mwalimu Kasapa
Huku Lubumbashi tunasema hivi: mwenye kupiga kelele sana juu ya ba pede, njo yeye mwenyewe. Hata wanasayansi balipima. Mwaka 1996, kule Georgia, Amerika, balichukua wanaume 64, balibaonyesha video, na kukapatikana wenye chuki njo walisisimuka. Kwa hiyo chuki yote inatoka ndani. Kivuli, uko mfano wake.

#8 Pembeni ya Ziwa
Mwalimu, majaribio hayo yapo, lakini umeyavuta kuliko urefu wake. Walipima wanaume waliojitambulisha kuwa wanapenda wanawake tu, na waliowachukia wengine. Chuki ya mtu kwa nafsi yake haikuwa swali lao. Tena wenyewe waliandika kwamba huenda kilichoonekana mwilini kilikuwa wasiwasi, kwa sababu wasiwasi nao unaweza kuamsha mwili. Ukisema kila mwenye chuki ni shoga aliyejificha, umewabebesha mashoga hata mawe wanayotupiwa.

Kivuli, nimefanya kazi ya APS, kusikiliza na kusaidia watu wenye maumivu ya moyo, miaka 11 katika vituo vya afya, na watu kama wewe nimewasikiliza. Nikuulize swali moja tu. Umeshawahi kuwa naye mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayekujua?

#9 Kivuli cha Kadutu
Asante mama. Ndiyo. Navuka Ruzizi mara kwa mara kununua mali Kamembe. Mara moja alikuja, tukalala huko siku mbili. Chumba kina ufunguo, mwenye nyumba hakututazama mara mbili. Nilikula vizuri, nilicheka. Asubuhi ya pili niliingia chooni nikafuta namba yake, naye yuko upande wa pili wa mlango anapiga mswaki.

#10 Binti Birere
Uyu kaka ameshajijibu.

#11 Pembeni ya Ziwa
Polepole, Binti. Watu wengi wako na vyote viwili kwa pamoja. Kuna mtafiti, Ilan Meyer, aliyeandika juu ya hilo mwaka 2003. Alionyesha kwamba mtu aliyedharauliwa na jamii anabeba mizigo tofauti: ubaya wanaomtendea, kungojea ubaya ambao haujaja, kujificha, na mwisho kuyameza yale wanayosema mpaka anajisemea mwenyewe. Mizigo hiyo inafanana ukiwa chini yake, lakini haitulizwi kwa njia moja. Hofu ukiitibu kama aibu, utamtuma mtu akapigwe. Aibu nayo ukiitibu kama hofu, atafunga milango yote na bado hatapumua.

Hofu inauliza: nani ameniona, nani atasema, nipite njia gani. Mlango ukifungwa vizuri, inashuka. Aibu haiulizi kitu, inatoa hukumu, na mara nyingi inaanza kusema mlango ukishafungwa. Chooni kule Kamembe nani alikuwa anakutazama?

Nakuomba ufanye hivi kwa siku saba. Kila ukifuta namba ao ukisikia hamu ya kufuta, jipe namba mbili kutoka 0 mpaka 10, moja ya hofu na moja ya aibu, na maneno yaleyale yanayopita kichwani, bila kuyasafisha. Usiandike jina la mtu wala neno "hofu" ao "aibu". Wewe ni muuza vipuri: hofu iite breki, aibu iite sheni. Mtu akiona karatasi ataona hesabu ya duka.

#12 Sambaza Kavu
"Sheni 8, breki 2." Mteja akisoma atadai pikipiki yake 😂

#13 Muzee wa Nguba
Watoto, mimi niko na miaka 51 na wajukuu wawili. Kwa wakati wetu hakukuwa na maneno haya. Mimi sikufuta namba, telefone hazikuwako. Nilioa. Nilidhani bibi ni dawa, kama kinini kwa malaria. Miaka ya kwanza nilijisikia nimepona kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kisha nikaanza kutembea kama askari, kuongea kwa sauti nzito, kumpiga mtoto wangu wa kiume akikunja mkono kiunoni. Alikuwa na miaka 6. Hilo ndilo siwezi kulisahau. Sikujua kwamba ninayempiga ni mimi.

Kivuli, usiniulize kama nimefika. Bado natazama mikono yangu nikiwa kanisani.

#14 Mama wa Panzi
Muzee, nimesoma nikatulia kwanza. Na huyo bibi? Mimi nilikuwa bibi wa namna hiyo miaka 9. Nililala karibu na mtu anayeniona kama dawa chungu, nikadhani mimi ndiye nanuka. Mnapohesabu mizigo yenu, wekeni na mizigo yetu.

#15 Muzee wa Nguba
Una haki, mama. Sina jibu.

#16 Mukristo wa Bagira
Ona sasa matunda yake. Ndiyo sababu nasema atafute kufunguliwa. Kuna shambre za maombi, watu wametoka huru.

#17 Binti Birere
Mimi nilitoka. Mara tatu. Mara ya kwanza siku 7 bila kula, ya pili 21, ya tatu sikumaliza, nilianguka. Walisema roho imetoka, wakapiga makofi, nami nikashuhudia mbele ya watu. Nilikuwa naamini wakati nashuhudia, hapo sikudanganya. Jioni yake nikamuona yule dada wa kwaya, na moyo ukafanya kazi yake kama kawaida. Kilichobadilika ni kimoja: zamani nilifikiri nimefanya kosa, baada ya maombi nikafikiri mimi ndiye kosa, hata Mungu amejaribu akashindwa.

Kule Amerika kulikuwa shirika kubwa la Wakristo la kubadilisha watu, Exodus International. Lilifungwa 2013, na mkubwa wake, Alan Chambers, aliomba msamaha hadharani kwa waliopita mikononi mwao. Hao walikuwa na pesa na miaka mingi. Shambre ya Ndosho itafanya nini?

Lakini alama yangu ilikuwa tofauti na ya Kivuli, ndiyo maana sikuitambua. Mimi sikujichukia kwa macho yangu. Niliwachukia matomboyi. Dada akipita na suruali na nywele fupi, mimi ndiye wa kwanza kucheka, "angalia ile dume jike". Nilijiona bora kwa sababu mimi navaa kitenge, nasuka. Ilinichukua miaka kuona kwamba nilikuwa natupa mawe ili watu watazame mkono wangu wasitazame uso.

#18 Mwalimu Kasapa
Si njo kile minasema! Mwenye kupiga kelele!

#19 Binti Birere
Hapana mwalimu. Wakati huo kartiye nzima ilikuwa inacheka. Unataka kusema kartiye nzima ya Birere?

#20 Mwalimu Kasapa
Haya, ile nusu. Nusu ya kartiye.

#21 Padiri Hapana
Nilikuwa seminari, nikatoka, kwa hiyo jina. Niongeze neno kwa @Mukristo. Disemba 2023 Roma ilitoa hati iliyoruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika, chini ya Kardinali Ambongo wetu wa Kinshasa, wakasema baraka hizo hazitafaa Afrika. Kwetu kila mtu anakumbuka hilo "hapana". Lakini barua ileile ilisema watu hawa watendewe kwa heshima. Sisemi kanisa limekubali. Nasema kwamba aibu huchagua nukuu. Katika ukurasa mmoja inasikia mistari miwili na kuruka wa tatu. Nimeishi hivyo miaka minne ya falsafa na teolojia, nikijua mistari ya hukumu kwa Kilatini.

#22 Mukristo wa Bagira
Heshima kwa mtu, ndiyo. Sikusema apigwe. Lakini msigeuze kila uchungu wa moyo kuwa ugonjwa wa kutibiwa.

#23 Pembeni ya Ziwa
Hapo tunakubaliana kidogo, Mukristo. Kupenda si ugonjwa, na OMS, shirika la afya la dunia, ilikwisha kuliondoa hilo kwenye orodha ya magonjwa 1990. Aibu nayo si ugonjwa. Ni somo lililofundishwa mapema na mtu fulani, mahali fulani. Kivuli yuko wapi?

#24 Kivuli cha Kadutu (siku 8 baadaye)
Niko. Samahani, mali ilikwama mpakani. Nimeandika. Nikiwa barabarani, namba yake ikiwa bado kwenye telefone: breki 8, sheni 5. Nikiwa chumbani, nimefunga, wote wamelala: breki 3, sheni 8. Jumapili baada ya misa: breki 2, sheni 9. Kwa hiyo yule mwanaume ana haki, na ninachukia kuliandika.

Maneno ni yaleyale kila siku: "Angalia vile unafanana." Si "umetenda dhambi", si "utaenda motoni". Angalia vile unafanana. Nilifikiri nitakuta sauti ya padiri.

#25 Pembeni ya Ziwa
Yanasemwa kwa lugha gani? Na kwa sauti ya nani?

#26 Kivuli cha Kadutu
Mama, swali hilo lilinikosesha usingizi. Kwa Kiswahili chetu cha kartiye, na sauti ni ya yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja. Nilikuwa na miaka 11 ao 12. Kulikuwa kijana jirani, anashona, anatembea laini. Siku moja watu walimtoa nje wakamvisha kitambaa cha mama yake, wakamzungusha avenyu nzima. Yaya alinibeba mabegani ili nione vizuri. Alikuwa anacheka, akaniambia: "Angalia vile anafanana." Nami nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa juu ya mabega yake na nilimpenda sana.

Wakati ule nilikuwa sijapenda mtu yeyote. Sikujua chochote juu yangu.

#27 Muzee wa Nguba
Mutoto wangu.

#28 Pembeni ya Ziwa
Umefika mbali kuliko wengi wanavyofika kwa miezi. Aibu ilikaa kwanza, mapenzi yakaja baadaye yakakuta kiti kimeshakaliwa. Na ilikaa siku ya furaha, mabegani kwa mtu unayempenda, ndiyo sababu kuitoa inaonekana kama kumsaliti yaya.

Sasa usibishane na hiyo sauti. Wengi wanaanza kujitetea kichwani, "hapana, mimi ni mtu mzuri, nasaidia familia", na inakuwa tribinali isiyofungwa, kila usiku kesi. Fanya mambo mawili tu. La kwanza, sentensi ikija, itaje mwenye nayo: "Hiyo ni ya yaya, ya ile siku." Halafu endelea na kazi uliyokuwa unafanya. La pili, usifute namba kwa siku 14. Iweke kwa jina la muuza vipuri wa Kamembe, weka namba ya siri ya kufungulia telefone, futa meseji za hatari ukitaka, maana breki yako ni ya kweli na hatuitoi kwenye pikipiki. Lakini namba ibaki.

Nakuonya juu ya jambo moja. Siku za kwanza sheni itapanda, itafika 9, labda 10, kwa sababu ulikuwa unaishusha kwa kufuta. Watu wanaacha hapo wakisema zoezi limewaharibu. Ikipanda usifanye kitu kwa dakika 20, kisha andika tena namba. Na kama wakati wowote maneno yatageuka kutoka "angalia vile unafanana" na kuwa "afadhali nisiwepo", hapo daftari si mahali pake. Utanitafuta faraghani ao utaenda kwa mtu usiku huohuo, hata kama ni saa nane.

#29 Sheria Mukononi
Swali kwa mama. Kuna wanaosema dawa ya aibu ni kujitangaza kwa familia. Huku Goma nimeona wawili waliofanya hivyo baada ya kutazama video za Ulaya. Mmoja analala kwa rafiki hadi leo.

#30 Pembeni ya Ziwa
Ndiyo kosa ninaloliona sana. Mtu anafikiri akisema kwa baba, aibu itaondoka. Lakini kama ndani bado kuna "angalia vile unafanana", baba akisema vilevile, sasa sauti ni mbili. Mtu mmoja wa kukujua bila kukunja uso anatosha kwa mwanzo. Familia inaweza kungoja, hata milele.

#31 Padiri Hapana
Hapo sikubali kabisa. Kwangu kujificha ndiko kulikokuwa kunailisha aibu. Nilipomwambia dada yangu, nusu yake iliondoka palepale. Mama, unachora mstari mzuri kati ya siri na aibu, lakini katika mwili wangu mstari huo haukuwepo.

#32 Pembeni ya Ziwa
Dada yako alikunja uso?

#33 Padiri Hapana
Alilia, kisha akaniuliza kama nimekula.

#34 Pembeni ya Ziwa
Basi ulimpata yule mtu mmoja. Lakini nimekusikia. Kwa wengine mstari haupo.

#35 Mama wa Panzi
Na ule mshonaji? Yule kijana wa kitambaa? Kuna mtu anajua alienda wapi?

#36 Kivuli cha Kadutu
Hapana mama. Walihama mwaka uleule. Mashine yake ilibaki kwa jirani wetu.

#37 Sambaza Kavu
Kuanzia leo mimi sicheki kwenye uzi huu.

#38 Binti Birere
Utaweza siku ngapi?

#39 Kivuli cha Kadutu (siku 12 baadaye)
Ripoti. Siku ya 1 hadi ya 4 sheni 9, 9, 10, 9. Siku ya 4 nilikaa dakika 20 kwenye ngazi za duka nimeshika telefone kama mtu anayengoja meseji ya benki. Ilishuka 6 peke yake, sikuamini. Siku ya 7 ilikuwa 5. Nikaanza kujisifu. Siku ya 9 yaya alikuja kula kwetu, tulikula bugali na sombe, akacheka kitu kwenye televizyo, kicheko kilekile. Nilitoka nje nikafuta.

#40 Muzee wa Nguba
Siku 9 si kidogo. Mimi sikufika 2.

#41 Mukristo wa Bagira
Sikubaliani nawe, lakini ule mutoto mabegani nimemuwaza. Nitakuombea, si kwa namna ya shambre.

#42 Pembeni ya Ziwa
Hiyo siku ya 9 ndiyo inayotufaa zaidi. Sasa tunajua kinachoiamsha si misa wala barabara, ni kicheko kimoja. Tunaanza tena na hicho. Yaya anakuja kula lini tena?

#43 Kivuli cha Kadutu
Jumapili.

#44 Sambaza Kavu
Samahani nimeshindwa kunyamaza. Kaka, umeifuta juzi tu, si ndiyo? Corbeille. Siku 30. Bado iko.

#45 Kivuli cha Kadutu
Haha. Sikuihitaji, Sambaza. Alipiga yeye jana usiku. Namba ikatokea bila jina, nikaitazama ikilia, na nikapokea nikiwa sebuleni.